Kopo Lipi Lina Sukari? Kusoma Lebo za Maziwa Mazito, Maziwa Yaliyovukizwa na Maziwa ya Unga

Siku ya pili ya Idi wifi yangu alitaka kutengeneza aiskrimu ya embe, ile isiyohitaji mashine. Unapiga krimu nusu lita mpaka inasimama, unamimina kopo moja la maziwa mazito, unachanganya na embe lililosagwa, kisha unaiacha kwenye friza usiku kucha. Mtoto alitumwa dukani akaambiwa alete "maziwa ya kopo". Akaleta maziwa ya kopo kweli, yenye picha ya ng'ombe na rangi ileile ya buluu na nyeupe. Asubuhi kijiko hakikuingia. Tulikuwa na barafu ya embe, ngumu kama tofali, yenye punje za barafu zinazokwaruza ulimi.

Mtoto hakukosea. Jina tulilompa ndilo lilikosea, kwa sababu "maziwa ya kopo" ni jina la bidhaa tatu ambazo zimetokana na kitu kimoja lakini haziwezi kubadilishana nafasi jikoni, na kwa mgonjwa wa kisukari zimeachana kabisa. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma lebo za makopo haya kwa makini, na nimegundua kwamba jina la mbele ndilo jepesi kulielewa. Kinachowakanganya watu wengi, wakiwamo wanaosoma lebo kwa bidii, ni ile tarakimu ya sukari iliyoko nyuma.

Tuanze na kilichotendeka kiwandani. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa sehemu kubwa: katika kila gramu 100, maji ni kama 87. Zinazobaki ni mafuta, protini, madini, na sukari ya asili ya maziwa iitwayo laktosi. Makopo yote matatu yanaanza kwa kuondoa maji hayo, kisha kila moja linashika njia yake ya kuzuia maziwa yasioze.

Njia ya kwanza ni sukari. Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya kuyapunguzia maziwa maji mwaka 1856, na biashara iliyotokana na kazi hiyo ilisimama juu ya maziwa yaliyopunguzwa maji na kutiwa sukari nyingi kiasi cha kuwanyima vijidudu maji ya kuishi, kwa namna ileile jamu inavyodumu. Haya ndiyo maziwa mazito, yale ya rangi ya krimu yanayoning'inia kwenye kijiko na kushuka taratibu. Njia ya pili ni moto. Maziwa hupunguzwa maji kiasi cha nusu au zaidi kidogo, hufungwa kwenye kopo, kisha kopo lenyewe hupikwa kwa joto linalopita la maji yanayochemka, nyuzi 115 na kuendelea. Sukari haiongezwi. Joto hilo ndilo linaloyapa wekundu hafifu na ile ladha ya kupikwa. Kwa kuwa Kiswahili cha dukani hakina jina lake pekee, hapa nitayaita maziwa yaliyovukizwa. Njia ya tatu ni kuondoa maji karibu yote mpaka unabaki unga, na unga mkavu hauozi kwa urahisi.

Ukishajua hivyo, unaelewa kwa nini aiskrimu yetu iliharibika. Kwenye maziwa mazito, sukari iliyoyeyuka huzuia sehemu ya maji isigande, ndiyo maana aiskrimu hubaki laini hata ndani ya friza. Kopo lililoletwa lilikuwa la maziwa yaliyovukizwa, ambayo karibu robo tatu yake ni maji na hayana sukari ya kutosha kuyazuia. Yaligeuka barafu.

Sasa maneno ya mbele. Kwenye makopo ya Kiingereza, neno la kutafuta ni "sweetened", yaani yaliyotiwa sukari. Karibu kila mara utaliona pamoja na "condensed", na kwa kopo la dukani kwetu unaweza kulichukulia "condensed" lenyewe kama onyo la sukari. "Evaporated" ni yale yaliyovukizwa bila sukari, na baadhi ya viwanda huongeza "unsweetened" ili kuondoa shaka. Angalia hapo kwa utulivu, maana maneno mawili yenye maana kinyume yanatofautiana kwa herufi mbili tu za mwanzo, na kwenye kopo lenye kutu au mwanga hafifu wa duka jicho huziruka.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi mtego ni mkubwa zaidi. Kifaransa hakitumii majina mawili. Yote mawili huitwa "lait concentré", na tofauti yote imebebwa na neno linalofuata: "sucré" ni yenye sukari, "non sucré" ni yasiyo nayo. Anayesoma maneno mawili ya kwanza na kuridhika anacheza bahati nasibu. Ya unga huitwa "lait en poudre", na hayo hayana utata.

Makopo yanayoletwa na jamaa kutoka Omani na nchi za Ghuba yana maandishi ya Kiarabu, na hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu maneno yenyewe ameshakutana na ndugu zao nyumbani. Yenye sukari huandikwa "muhalla", na mzizi wake ndio uliotupa halua. Yaliyovukizwa huandikwa "mubakhkhar", na mzizi wake ndio wa buhuri, ule moshi wa kufukizia nguo na nyumba. Kopo la halua na kopo la buhuri: nilimfundisha hivyo mama mkwe wangu, ambaye huletewa makopo kutoka Maskati, na tangu hapo anayatofautisha mwenyewe. La buhuri ndilo linalotiwa kwenye chai ya karaki, ile chai nzito yenye iliki wanayoipenda sana kule, na sukari hutiwa kando kwa kadiri ya mnywaji.

Kopo lisilosomeka litikise. Maziwa yaliyovukizwa hupiga chubwi chubwi ndani kama maji mazito. Maziwa mazito hukaa kimya, unahisi uzito unahama polepole tu.

Jina likiwa limeeleweka, geuza kopo usome viambato, kwani huandikwa kwa mpangilio wa uzito: kilicho kingi kinatangulia. Kopo la maziwa mazito halisi linaanza na maziwa, kisha sukari. La yaliyovukizwa linaanza na maziwa, kisha vitu vidogo vya kuyafanya yasigandane, kama E339 au E407, na pengine vitamini. Sukari isiwemo. La unga lina maziwa, mara nyingi lesithini ya kusaidia unga kuyeyuka, na vitamini. Ukikuta mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, hapo mafuta ya maziwa yaliondolewa na kuuzwa kwingine, yakawekwa ya bei nafuu mahali pake. Si sumu, na viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinaitambua bidhaa hiyo kwa jina lake, lakini lebo inapaswa kusema kuwa ni mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta na mafuta ya mimea. Mara nyingi mbele ya kopo neno la maziwa hupungua ukubwa au hutoweka, na picha ya ng'ombe hubaki palepale. Mimi huona ni haki ya mnunuzi kujua hilo kabla ya kulipa bei ya maziwa kamili.

Sasa tufike kwenye tarakimu iliyomtia hofu mama mkwe. Ana kisukari, na daktari alimwambia asome lebo. Akaweka mezani makopo mawili. La kwanza, maziwa mazito: sukari gramu 55 katika kila gramu 100. La pili, maziwa ya unga yasiyo na mafuta: sukari gramu 52 katika kila gramu 100. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona mnaniambia hili ni baya na hili ni zuri? Tofauti ni gramu tatu."

Swali lake lilikuwa la maana kuliko majibu mengi niliyowahi kusikia. Mstari wa sukari kwenye jedwali la lishe unajumlisha sukari zote, iliyotoka kwa ng'ombe na iliyotoka kwenye gunia la kiwanda, na nchi nyingi hazimlazimishi mtengenezaji kuzitenganisha. Marekani ni miongoni mwa zinazolazimisha mstari wa pili wa sukari iliyoongezwa, lakini makopo mengi ya madukani kwetu hayana mstari huo. Basi inabidi utenganishe mwenyewe, na ipo njia nyepesi.

Maziwa ya ng'ombe hubeba protini na laktosi kwa uwiano usiobadilika sana. Katika gramu 100 za maziwa freshi kuna protini kama gramu 3.3 na laktosi kama gramu 4.8, yaani laktosi ni mara moja na nusu ya protini. Ukiondoa maji, vyote viwili vinapanda pamoja, kwa hiyo uwiano unabaki. Kwa hiyo soma protini kwenye lebo, izidishe kwa moja na nusu, na jibu ni sukari ya ng'ombe. Inayozidi hapo imetiwa na mtu.

Tulifanya hesabu pale mezani. Unga usio na mafuta ulikuwa na protini gramu 35. Mara moja na nusu ni 52.5, na lebo inasema 52. Sukari yote ni ya maziwa, hakuna kilichoongezwa. Maziwa mazito yalikuwa na protini gramu 7.5. Mara moja na nusu ni 11 na ushei, lakini lebo inasema 55. Gramu 44 zilizobaki ni sukari ya mezani, ileile tunayonunua kwa kilo. Katika kopo zima la gramu 397 hiyo ni gramu 175 hivi, kama gramu 218 ukichanganya na laktosi. Halafu tulichukua kopo la yaliyovukizwa: protini 6.5, mara moja na nusu ni karibu 10, na lebo ilisema 10. Safi.

Tena kuna jambo la kipimo. Unga hauliwi kwa gramu 100. Glasi moja hutengenezwa kwa gramu 25 hivi za unga, zenye laktosi gramu 13, karibu sawa na glasi ya maziwa freshi. Maziwa mazito nayo hutiwa kama yalivyo: vijiko viwili vya mezani kwenye chai au mkate ni gramu 40 hivi, zenye sukari gramu 22, na 17 au 18 kati yake ni ya kuongezwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari huru, yaani ile ya kuongezwa pamoja na ya asali na maji ya matunda, ishuke chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Laktosi ya ndani ya maziwa haimo katika hesabu hiyo. Lakini mgonjwa wa kisukari bado anaihesabu, kwa sababu nayo huingia kwenye damu, na hilo nilimwambia mama mkwe wazi ili asije akanywa unga jagi zima kwa kuwa "hauna sukari".

Hesabu ya protini ina mipaka yake. Makopo ya unga ya kukuzia watoto, yale yenye namba za umri mbele, mara nyingine huongezwa unga wa huwei, yaani majimaji yanayobaki jibini likitengenezwa. Huo una laktosi nyingi na protini kidogo, kwa hiyo ziada utakayoiona si lazima iwe sukari ya mezani. Viambato ndivyo vitakavyokuambia. Mtego mwingine ni maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa ambao haumo kwenye mstari wa sukari ingawa mwili huugeuza kuwa sukari upesi sana. Huo unaukamata kwa kulinganisha mstari wa wanga wote na mstari wa sukari: kwenye maziwa matupu karibu vinalingana, kwa kuwa wanga wa maziwa ni laktosi. Ukikuta wanga 55 na sukari 38, ujue zile 17 za katikati hazikutoka kwa ng'ombe.

Kabla sijarudi jikoni, nitamtaja mtoto mchanga, maana hapa kosa la kopo linaua. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa ameshaeleza ugonjwa wa kwashakoo kutokana na kazi yake huko Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, alisimama mbele ya klabu ya Rotari mjini Singapore na kushutumu uuzaji wa maziwa mazito kama chakula cha watoto wachanga. Sababu inaonekana kwenye lebo ileile tuliyoisoma. Ukiyazimua maziwa mazito mpaka utamu uwe wa kuvumilika, protini na mafuta vinakuwa kidogo mno. Mtoto anashiba sukari na kufa njaa. Yaliyovukizwa na ya unga wa kawaida nayo hayakutengenezwa kwa ajili ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kopo linalofaa kwa kazi hiyo huandikwa waziwazi kuwa ni la watoto wachanga, na viwango vyake ni vingine. Yale ya mchanganyiko wa mafuta ya mimea yanatakiwa na Codex kubeba onyo kwamba yasitumike badala yake. Onyo hilo mara nyingi ni mstari mdogo chini kabisa, karibu na mshono wa kopo.

Tofauti nyingine utaiona baada ya kufungua. Maziwa mazito yakifunikwa kwenye chombo kisafi ndani ya friji hukaa wiki moja na zaidi, kwa sababu sukari inaendelea kuyalinda. Yaliyovukizwa, moto uliyalinda mpaka kopo lilipotobolewa. Tangu hapo ni maziwa ya kawaida, na siku tatu ndani ya friji zinatosha. Mtu anayeyaacha mezani kwa mazoea ya yale mazito atayakuta yamechacha.

Turudi kwenye aiskrimu. Wifi hakutaka kushindwa, na ilikuwa bado siku ya sikukuu, maduka mengi yamefungwa. Kabatini kulikuwa na kopo jingine la yaliyovukizwa, la gramu 410, na kopo la unga wa maziwa yenye mafuta. Nikamwambia hatuna haja ya duka. Maziwa mazito kwa jumla ni theluthi moja kasoro kidogo ya vitu vikavu vya maziwa, sukari kama asilimia 44, na maji yaliyobaki. Kwa hiyo kutoka kwenye kopo la gramu 410, ambalo vitu vyake vikavu ni kama gramu 105, unahitaji sukari gramu 155. Ukishachanganya una gramu 565, na lazima uchemshe kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka zibaki 355 hivi. Watu wengi huyeyusha sukari tu na kuepua, wakashangaa mbona ni mepesi: maji gramu 210 bado yamo. Pima sufuria tupu kwanza, kisha pima tena kila baada ya muda. Macho hudanganya, kwa sababu yakiwa ya moto huonekana mepesi na yakipoa huzidi kuwa mazito.

Kwa unga ni rahisi zaidi, maana maji yameshaondolewa na wewe unarudisha unayoyataka. Gramu 105 za unga wenye mafuta, sukari 155, maji ya moto 95: jumla 355 papo hapo, bila kuchemsha. Yeyusha sukari kwanza kwenye maji, kisha utie unga kidogo kidogo kwenye blenda, la sivyo utapata madonge. Unga uwe wa maziwa kamili. Ule wenye mawese ulitupa ladha ya mafuta iliyobaki mdomoni tulipoujaribu mara nyingine. Haya ya nyumbani hayakufungwa kiwandani, kwa hiyo yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya siku chache.

Njia ya kurudi haipo. Yaliyovukizwa na ya unga unaweza kuyafanya matamu, lakini maziwa mazito huwezi kuyatoa sukari. Ndiyo maana tukimtuma mtoto siku hizi na hatuna uhakika duka lina kopo gani, tunamwambia alete lisilo na sukari, na gramu 155 tunazipima wenyewe. Aiskrimu ya mara ya pili tulitumia ya unga. Ilikaa kwenye friza tangu saa tisa alasiri mpaka asubuhi, na mama mkwe, ambaye hakuonja zaidi ya kijiko kimoja, alikuwa wa kwanza kutangaza kuwa kijiko kimeingia.